Makato ya pensheni yanakatwa, lakini hati ya mwisho wa mwaka inaonyesha sufuri

Hapa Dilala, Januari ndiyo mwezi wa karatasi. Mfanyakazi anapokea hati inayojumlisha mshahara wake wa mwaka mzima pamoja na makato yote, na wengi wanaangalia tu namba ya chini kabisa, kisha wanaikunja na kuiweka ndani ya Biblia au sanduku. Ninawaomba safari hii muisome mstari kwa mstari, na mtafute ule wa CNSS, mfuko wa pensheni ambao wazee wetu bado wanauita INSS. Kuna hati ambazo mstari huo uko wazi, au umeandikwa sufuri, wakati karatasi za mshahara za kila mwezi zinaonyesha kwamba pesa ilikatwa.

Tuchukue dereva wa kampuni ndogo inayofanya kazi ndani ya mgodi wa kampuni kubwa. Mshahara wake ghafi ni franka 1 000 000 kwa mwezi. Sheria inamkata 5% kwa ajili ya pensheni, yaani franka 50 000. Mwajiri naye anaongeza 13% yake: 5% ya pensheni, 6,5% ya posho za familia na 1,5% ya ajali na magonjwa ya kazi. Kwa hiyo kila mwezi franka 180 000 zinapaswa kufika CNSS kwa jina la dereva huyo.

Kodi ya mshahara haihesabiwi juu ya milioni nzima. Zile 50 000 zinatolewa kwanza, na kodi inahesabiwa juu ya 950 000. Huo ndio unafuu wenyewe. Mstari wa CNSS ukikosekana, kodi inahesabiwa juu ya 1 000 000. Kwa sehemu ya mshahara inayoangukia ngazi ya 15%, dereva analipa franka 7 500 zaidi kila mwezi, kabla ya punguzo la watoto. Kwa mwaka ni 90 000. Mtu atasema ni kidogo. Lakini hizo 90 000 ni dalili tu, kwani nyuma yake kuna 600 000 alizokatwa mwaka mzima, na hajui ziko wapi.

Zinaweza kuwa mahali patatu. Pengine mwajiri alilipa vizuri, na mhasibu ndiye aliyesahau kuhamisha mstari kwenye hati. Hilo linamalizika kwa siku moja. Pengine pesa ilifika CNSS lakini haikuingia kwenye akaunti ya mfanyakazi, kwa sababu namba yake ya uandikishaji ina kosa, au jina la babu limeandikwa mahali pa jina la ubatizo. Sisi Wakongo wenye majina matatu tunalijua tatizo hilo tangu shuleni. Au pengine mwajiri alikata na hakulipa kitu.

Njia ya kujua ni kwenda CNSS hapa Kolwezi na kitambulisho, namba ya uandikishaji na karatasi zote 12 za mshahara, na kuomba orodha ya michango iliyopokelewa kwa jina lako. Miezi ikiwepo yote, kosa ni la hati. Ikikosekana, muulize mwajiri kwa maandishi, akuonyeshe tangazo la kila mwezi alilopeleka na uthibitisho wa malipo. Bakia na nakala yenye muhuri wa kupokelewa. Asipojibu, kesi inaanzia kwa mkaguzi wa kazi, maana sheria ya kazi inadai upatanisho mbele yake kabla ya korti.

Hapa ndipo ninapowageukia waajiri. Mfanyakazi hawezi kuingia DGI peke yake kudai zile 90 000, kwani anayekata na kutangaza kodi ya mshahara ni ninyi, na marekebisho lazima yatoke kwenu. Toeni hati mpya, rekebisheni tangazo, na kodi iliyozidi irudi kwa aliyeilipa. Kusema kwamba mtu wa kompyuta yuko likizo si jibu kwa baba mwenye watoto sita.

CNSS nayo isimrudishe mfanyakazi kwa mwajiri kila anapokuja na kosa la jina. Ikiwa pesa imepokelewa, ofisi inaweza kumwita mwajiri na kulinganisha orodha. Na makampuni makubwa ya migodi, kabla ya kulipa ankara ya mkandarasi, yadai orodha ya majina ya waliolipiwa CNSS mwezi huo. Risiti ya jumla haitoshi. Uchunguzi wa mashirika ya RAID na CAJJ wa mwaka 2021 katika migodi mitano ya hapa kwetu ulionyesha kwamba zaidi ya nusu ya wafanyakazi wameajiriwa kupitia makandarasi. Mkataba wa mkandarasi ukiisha na ofisi yake ikafungwa, dereva wetu hatapata tena wa kumuuliza. Kwa hiyo marekebisho ya mwaka uliopita yafanyike sasa, wakati mhasibu bado yuko mezani.