Uliza Kuhusu Nguzo, Usiulize Kuhusu Rangi ya Ukuta

Mpenzi msomaji, ewe unayejifunza Kiswahili, leo ninakuomba tuzungumze juu ya dakika chache zinazofuata hotuba ya dakika tano. Hotuba yenyewe tumeizoea. Mwanafunzi husimama, husema, hupigiwa makofi. Kisha mwalimu huuliza, "Nani ana swali?" Hapo ndipo darasa, kwa maoni yangu, hupoteza kile ambacho msemaji amekihangaikia wiki nzima.

Nakusimulia yaliyotokea darasani kwangu hapa Mutakura, kaskazini mwa Bujumbura, katika tarafa ya Ntahangwa. Mwanafunzi mmoja wa kike alitoa hotuba yenye dai moja tu: matangazo ya serikali yanayobandikwa mitaani kwetu, hasa ya afya na ya usafi, yaandikwe kwa Kiswahili pia, si kwa Kirundi na Kifaransa peke yake. Alitoa sababu mbili. Ya kwanza, Kiswahili husemwa kila siku sokoni, kwenye gereji na ndani ya mabasi. Ya pili, nchi yetu ni mwanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambamo Kiswahili ni lugha ya watu wengi. Katika sababu hiyo ya pili aliteleza: alisema kwamba Burundi ilijiunga mwaka 2006.

Tulikuwa na dakika tatu za maswali. Mkono wa kwanza uliinuka: "Dada, si mwaka 2007?" Kweli, ni mwaka 2007, Burundi na Rwanda zilikuwa wanachama kamili tarehe 1 Julai mwaka huo. Mkono wa pili ukauliza ni ukuta upi hasa alikoliona tangazo alilolitaja. Wa tatu akataka kujua kwa nini alisema "mtaa" na hali sisi sote husema "kartie". Mjadala wa "mtaa" na "kartie" ulinoga, vicheko vikasikika, kengele ikalia. Msemaji akarudi kitini huku akifuta mwaka katika daftari lake. Dai lake halikuguswa na mtu yeyote. Na mimi, mwalimu, nilikuwa wa kwanza kutikisa kichwa kwa furaha pale mwaka uliposahihishwa.

Je, maswali yale yalikuwa mabaya? Hapana. Kuuliza si ujinga, na majibu yake yote matatu yalikuwa ya kweli. Lakini hebu yapime kwa kipimo hiki kimoja: kama jibu lingekuwa kinyume na alivyosema msemaji, je, dai lake lingeanguka? Jaribu. Ikiwa Burundi ilijiunga mwaka 2007 badala ya 2006, matangazo bado yanaweza kuhitaji Kiswahili. Ikiwa tangazo lilikuwa kwenye ukuta mwingine, vivyo hivyo. Ikiwa tutasema "kartie" hadi kiama, vivyo hivyo. Maswali matatu, dakika tatu, na nyumba haikutikisika. Tuliuliza kuhusu rangi ya ukuta, nguzo hatukuzigusa.

Sasa tazama nguzo. Mwanafalsafa Mwingereza Stephen Toulmin, katika kitabu alichokitoa mwaka 1958, alionyesha kwamba kati ya ushahidi na dai huwa pana kitu cha tatu, mara nyingi kisichotamkwa: kile kinachoturuhusu kutoka kwenye ushahidi na kufika kwenye dai. Katika hotuba ya dakika tano kitu hicho karibu daima hubaki kimya, kwa sababu muda hautoshi kukitaja. Msemaji anasema ushahidi, anasema dai, na anatuachia sisi daraja lililo katikati. Kwa hiyo swali zuri mara nyingi hulikanyaga daraja hilo kuona kama linahimili uzito.

Daraja la mwenzetu lilikuwa lipi? Ushahidi: watu husema Kiswahili. Dai: matangazo yaandikwe kwa Kiswahili. Katikati pamefichika dhana kwamba anayesema lugha fulani huisoma vizuri zaidi kuliko lugha nyingine, au angalau kwamba tangazo la Kirundi halimfikii. Dhana hiyo ni nzito, tena hapa kwetu ina mashaka. Mtoto wa Burundi huanza kusoma shuleni kwa Kirundi. Fundi wa gereji anayebishana bei kwa Kiswahili kutwa nzima huenda akisoma tangazo la chanjo kwa Kirundi bila taabu, na lilelile kwa Kiswahili akalisoma kwa kukwamakwama. Kusema ni jambo moja, kusoma ni jingine.

Basi swali lililokosekana siku ile ni hili: "Dada, ni nani katika mitaa yetu asomaye Kiswahili lakini asiyesoma Kirundi?" Ni sentensi moja, haina dharau, wala haihitaji takwimu. Likikosa jibu, dai lote linaanguka. Likipata jibu, dai linasimama imara kuliko mwanzo. Hilo ndilo ninaloliita swali la nguzo.

Wiki iliyofuata nilimwomba arudie hotuba ileile, na safari hii nikaweka sharti kwamba swali la kwanza liwe hilo. Alinyamaza kidogo. Kisha akajibu kwamba jirani zake ni familia iliyokimbia vita mashariki mwa Kongo, na kwamba mama wa nyumba hiyo husoma Kiswahili na Kifaransa kidogo, lakini Kirundi hukisikia tu bila kukisoma. Mwenzake akaendeleza palepale: "Kama ni wao tu wanaohitaji, je, ungetaka matangazo yote yaandikwe upya, au yale ya afya kwanza?" Akafikiri, akasema: ya afya kwanza, na kwenye mitaa yenye wakimbizi wengi. Tazama kilichotokea, msomaji wangu. Maswali mawili yalilipunguza dai lake, na kwa kulipunguza yakalitia nguvu. Sasa alikuwa na ombi ambalo mtu anaweza kulipeleka kwa chifu wa mtaa na kulitetea, kwa kuwa linaeleza ni nani atakayesaidiwa na ni karatasi zipi zitakazobadilishwa.

Utalipataje swali la namna hiyo nawe umeketi, hotuba inakwenda mbio? Mimi hufundisha hivi. Usiandike kila kitu. Chora mstari mmoja daftarini, na juu yake andika dai kwa sentensi moja: nani afanye nini. Ukishindwa kuiandika sentensi hiyo hadi mwisho wa hotuba, basi swali lako limekwisha kupatikana: "Ukitutaka tukumbuke sentensi moja tu, ni ipi?" Chini ya mstari andika sababu, kila moja kwa maneno matatu au manne. Kisha ifunike kila sababu kwa kidole na ujiulize kama dai bado limesimama. Sababu ambayo ukiifunika dai linalegea, hiyo ndiyo nguzo. Uliza kuhusu hiyo.

Hapa lugha yetu inakupa zana maalumu. Ni kiambishi -nge-, ambacho wengi wenu hukijua katika mitihani na kukisahau katika mazungumzo. "Kama wote wangesoma Kirundi, je, dai lako lingesimama?" Kiambishi hiki humwalika msemaji aingie katika hali ya kudhani, bila kumwambia kwamba amekosea. Linganisha na "Wewe hujui kwamba wote husoma Kirundi?" Maana yake inakaribiana na ile ya kwanza, lakini hili linamvua mtu nguo mbele ya watu, na aliyevuliwa nguo hatafikiri, atajisitiri. Kwa mkubwa wako tanguliza heshima, "Shikamoo mzee, naomba kuuliza," lakini usiipunguze nguvu ya swali lenyewe. Heshima iwe katika namna ya kuuliza.

Najua utanipinga hapa, na una haki. Utasema: "Mwalimu, ina maana tuache makosa yapite? Mwaka 2006 ni uongo." La, usiache. Kosa la tarehe liandike kwenye kipande cha karatasi na umpe msemaji baada ya kikao. Atakushukuru, na dakika tatu za watu wote zitakuwa zimesalimika. Isitoshe, kuna nyakati ambapo jambo dogo ndilo nguzo yenyewe. Tuseme mwenzetu angedai hivi: "Matangazo yaandikwe kwa Kiswahili kwa sababu sheria ya nchi tayari inakitaja kuwa lugha rasmi." Hapo tarehe na maneno ya sheria yangebeba hotuba nzima, na ungekuwa wajibu wako kuuliza, "Sheria ipi?" Maana sheria ya mwaka 2014 kuhusu hadhi ya lugha nchini Burundi inazitaja Kirundi, Kifaransa na Kiingereza kuwa lugha rasmi. Kwa hiyo usipime swali kwa udogo wa jambo linaloulizwa. Lipime kwa uzito unaokaa juu ya jambo hilo.

Na utajuaje, baada ya kuuliza, kama uliigusa nguzo au ukuta? Sikiliza jibu. Msemaji akisema mara moja, "Asante, nitarekebisha," na kuendelea kama kawaida, uligusa ukuta. Akinyamaza, akaanza na "Inategemea," au akalitamka dai lake upya kwa maneno yaliyobadilika, uligusa nguzo. Ule ukimya mfupi usiuogope wala usiuzibe kwa swali la pili. Mwachie. Wanaokaa karibu nawe watataka kumwokoa kwa mzaha, wewe subiri.

Wahenga walisema: mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Unaweza kuzunguka hotuba nzima, mbele na nyuma, kwenye tarehe, majina na kuta, lakini mwisho chombo huelea au huzama kwa kile kilicho ngamani. Mwenzetu alikwisha kuandika ombi lake upya, nalo linazungumzia matangazo ya afya tu. Jumatatu atatoa hotuba nyingine mwanafunzi anayetaka kazi za Jumamosi za jumuiya zianzie kwenye mitaro ya maji kabla ya barabara. Njoo na daftari lenye mstari mmoja.