Sikio Halirudi Nyuma

Wanaosema hotuba ya uzinduzi ikiandikwa vizuri imekwisha, waje Sahare, Tanga, waisome mbele ya wavuvi.

Mwanzilishi mmoja aliniletea hii: “Sanduku letu, lililobuniwa kwa kuzingatia changamoto za uhifadhi wa mazao ya uvuvi yanayopotea baada ya kuvuliwa, linapunguza matumizi ya barafu kwa asilimia hamsini.” Nikamwambia aisome kwa sauti, amesimama. Pumzi ikamwishia kwenye “yanayopotea”. Hapo ndipo pa kukata. Macho yakifika kwenye “linapunguza” yanaweza kurudi kutafuta nini kinapunguza. Sikio haliwezi, sanduku limeshasahauliwa.

Tukaandika upya: “Samaki wa alfajiri, adhuhuri kaharibika. Mnajua. Sanduku hili hapa. Ulikuwa ukinunua barafu mbili? Sasa moja yatosha.” Baada ya “moja yatosha”, anyamaze, watu wapige hesabu.

Akalalamika: “Mbona kama maneno ya barazani, kaka?”

Ndiyo, ya barazani. Wanunuzi wako ndio hao. Ile ndefu wape waandishi wa habari, wataisoma wamekaa.