"Asante kwa zawadi" haijasema umelipwa

Mmoja wetu ameolewa Ihembe, kule Karagwe. Juzi wifi yake alipokea video kwa WhatsApp: dada anapaka mafuta ya nywele na kuyasifu kweli kweli. Wifi akauza mkungu wa ndizi, akaongeza akiba yake, akaagiza chupa mbili. Hakujua kama lile lilikuwa tangazo.

Tulipoitafuta video yenyewe YouTube, tukafungua maelezo, tukakuta mwisho kabisa: "Asante duka letu pendwa kwa zawadi. Kwa hisani yao." Tukamwuliza mwenye video. Alikiri bila kificho kuwa alilipwa fedha, na kwa dhati aliona ameshasema.

Kwa maoni yetu hakusema. Kwetu sisi asante ni adabu tu, hata aliyekukaribisha chai unamshukuru. "Kwa hisani ya" tunaiona hata chini ya picha za magazeti, na haina maana kwamba mtu kalipwa. Tume ya Biashara ya Marekani (FTC) nayo imewaonya watengeneza video wake wasitegemee maneno kama "thanks" na "collab", kwa sababu hiyo hiyo. Hata "Tangazo" peke yake kwa Kiswahili halitoshi, maana msiba nao hutangazwa.

Sisi tungeandika hivi: "Tangazo la kulipwa: duka (jina) limenilipa kutengeneza video hii." Kama hukupewa fedha ila chupa, sema: "Mafuta haya nimepewa bure na duka (jina)." Usiite zawadi kitu ulichopewa ili ukisifu.

Mahali pa kuyaweka nako kuna mtego. Kwenye simu maelezo hufichwa mpaka mtu abonyeze. Basi sentensi hiyo iwe ya kwanza kabisa, kabla ya salamu na kabla ya viungo vya kununulia.

YouTube pia ina kisanduku cha kutia tiki kuwa video ina matangazo ya kulipiwa, na mtazamaji huoneshwa "Includes paid promotion" kwa sekunde 10 za mwanzo. Kitie tiki, lakini usikiegemee. Ujumbe ule huwekwa na YouTube juu ya video, haumo ndani yake. Mtu akiipakua na kuirusha WhatsApp, ujumbe unabaki nyuma pamoja na maelezo yote. Wifi wa Ihembe alipokea picha na sauti tu. Ndiyo maana tunashikilia kuwa maneno yale yale yatamkwe kwa mdomo kabla sifa hazijaanza, na yaandikwe juu ya picha yenyewe kwa herufi za kusomeka.

Yule dada ameshabadilisha maelezo yake, na tunamshukuru. Nakala zilizomo kwenye simu za Ihembe bado ni zile za kwanza.