Mama Asilipie Beringi ya Trekta Lako

Na Mwanambozi

Wiki hii nimekasirika, na sababu ni trekta. Upande wa Ihanda, nje kidogo ya Vwawa, nilimkuta mama mmoja amesimama pembezoni mwa shamba lake, simu sikioni, trekta limezimwa katikati ya shamba. Dereva na utingo wake walikuwa wamejilaza chini ya mparachichi. Mvua za kwanza zimeshanyesha, majirani wanafukia mbegu za mahindi, na yeye robo tatu ya shamba ilikuwa bado nyasi tupu. Mwenye trekta alikuwa mjini, upande wa pili wa simu, akimweleza mama huyo kwamba beringi ya diski imevunjika kwa sababu ya kisiki, kisiki ni cha shamba lake, kwa hiyo achangie nusu ya matengenezo. Na kazi iliyobaki, akasema, haitahesabiwa tena kwa eka. Itahesabiwa kwa saa, shilingi 50,000 kila saa.

Nasema mapema ili tusipotezeane muda: huo ni uonevu. Ubovu wa trekta ni mzigo wa mwenye trekta. Ameshaulipisha ndani ya bei ya eka, na hana haki ya kuulipisha mara ya pili.

Lakini kisa hiki kilianza kuharibika kabla ya beringi kuvunjika. Makubaliano yalikuwa shilingi 60,000 kwa eka, na mama alijua shamba lake ni eka mbili na kidogo. Dereva alipofika akalipima kwa miguu, akatangaza eka tatu. Mama akatoa 90,000, nusu ya 180,000, plau ikashuka.

Nilimwomba fundi mjenzi aliyekuwa akijenga nyumba jirani atuazime futi yake ndefu. Shamba lilitoka mita 110 kwa mita 76. Zidisha, unapata mita za mraba 8,360. Eka moja ni mita za mraba 4,047, kwa hiyo lile shamba ni eka mbili na mabaki madogo sana. Deni halali lilikuwa kama shilingi 124,000. Hizo 56,000 za juu zilitoka kwenye miguu ya dereva.

Zilitokaje? Sote tumezoea kwamba eka ni hatua 70 kwa 70. Kipimo hicho kinakuwa sahihi pale tu kila hatua inapokaribia sentimita 91, yaani hatua ya mtu mrefu anayejitanua. Dereva wetu alitembea kama anayekwenda sokoni, hatua za sentimita 75 hivi. Kwa hatua hizo urefu wa shamba ulikuwa hatua 147 na upana 101, na ukigawanya kwa hesabu ya 70 kwa 70, unapata eka tatu bila kumkamata mtu akidanganya. Na wapo wakulima wanaofanya kinyume chake: wanashika futi, wanapima mita 70 kwa mita 70, wanaiita eka moja. Hapo dereva anakatua eka moja na zaidi kidogo ya moja ya tano kwa bei ya moja, yaani anaongezewa kazi kwa asilimia 21 bure. Wasomaji wa zamani wa safu hii mnakumbuka vita vyetu na lumbesa pale Mlowo. Hii ni lumbesa ya shamba, na inajazwa pande zote mbili.

Sasa turudi kwenye beringi. Mwenye trekta anadai bei ya eka haimtoshi kubeba hasara ya kuharibika. Nimekaa na watu wanaomiliki matrekta hapa Mbozi, na hesabu yao naijua. Chukua trekta la farasi 75 lililonunuliwa mkononi kwa mfano shilingi milioni 40, likapata eka 400 kwa mwaka. Weka dizeli shilingi 3,000 kwa lita ili hesabu iwe rahisi. Kukatua kwa plau ya diski tatu kwenye udongo wetu mwekundu hula kama lita 8 kwa eka, yaani 24,000. Dereva 5,000, utingo 3,000. Oili, grisi na chujio, weka 1,000. Safari ya kutoka shamba hadi shamba, 3,000. Trekta linachakaa hata kama halijavunjika, na ukigawanya thamani inayopotea kwa miaka yake na eka zake, unapata kama 9,000. Kisha mwenye akili anatenga 10,000 kwa kila eka kwa ajili ya matairi, klachi, pampu ya dizeli na, naam, beringi za diski. Jumla ni 55,000. Anatoza 60,000, anabaki na 5,000.

Iangalie ile 10,000 ya matengenezo. Kwa eka 400 ni shilingi milioni 4 kwa mwaka, na wakulima 400 wa eka mojamoja ndio walioichanga. Mama wa Ihanda naye ameichangia kwa kila eka yake. Mwenye trekta aliyeichukua akailia sikukuu, kisha beringi ikavunjika, asimgeukie mteja aliyesimama karibu. Huyo ana bahati mbaya tu ya kuwa wa mwisho.

Na hata habari ya kisiki siikubali. Niliinama nikaitazama ile plau. Diski ya nyuma ilikuwa imelala upande, lakini diski ya katikati, ambayo haikugusa kisiki chochote, nilipoishika kwa mikono miwili na kuitikisa ilicheza kama jino la mtoto wa miaka sita. Diski nzima haichezi hivyo. Beringi zilikuwa zimekwisha siku nyingi, na kilichotokea Ihanda kingetokea popote, kwa mzizi wowote. Mkulima anayeficha visiki vyake, huyo alipe. Lakini mama alikuwa amevionyesha vyote na kuvifunga vitambaa vyekundu.

Dereva simlaumu sana, ingawa miguu yake imeniudhi. Nilimuuliza kwa nini hakusimama aliposikia diski inakwaruza. Akanijibu, "Mzee, nisipolima silipwi." Hapo ndipo kwenye kiini. Analipwa 5,000 kwa eka na sifuri trekta linapokuwa gereji, kwa hiyo kila sauti mbaya anaipitisha mpaka chuma kikatike. Mfumo huohuo ndio unaomfanya ainue plau. Anavuta mkono wa hidroliki kidogo, jembe linapanda juu, anaongeza gia, dizeli inapungua na eka zinaisha haraka. Nilichomeka kijiti kwenye mfereji aliouacha nikakipima pembeni mwa udongo ambao haujaguswa: ilikuwa nusu shubiri. Kukatua kwa kweli kunatakiwa kukaribie shubiri nzima, sentimita 20 hivi, na nyasi zilale chali mizizi juu. Pale nyasi zilikuwa zimesimama kwenye vipande vyembamba kati ya mkato na mkato. Baada ya wiki mbili za mvua zitakuwa zimerudi, na mama atazing'oa kwa jembe la mkono.

Mwenye trekta anayeitaka mali yake idumu ampe dereva posho ya siku hata trekta likiwa limesimama, kisha aongeze kidogo kwa eka. Dereva mwenye uhakika wa chakula cha jioni atazima injini atakaposikia chuma kinalia.

Kuna watakaoniambia kwamba bei ya saa ndiyo ya haki, kwa kuwa mashamba hayafanani. Kwenye pori jipya, kung'oa visiki au kubeba mavuno, nakubali. Hakuna anayeweza kukisia eka moja ya pori itachukua muda gani, na si haki mwenye trekta aingie gizani peke yake. Lakini kwenye shamba linalolimwa kila mwaka, saa humhamishia mkulima kila udhaifu wa trekta. Injini ikiwa imechoka, analipa yeye. Dereva akiwa mgeni wa kazi, analipa yeye. Trekta zima hukatua eka moja iliyonyooka kwa saa moja na robo hivi, kwa hiyo 60,000 kwa eka ni sawa na 48,000 kwa saa. Yule bwana alipotaja 50,000 kwa saa ilisikika kama bei ileile. Ila kwa plau yenye diski mbili zinazofanya kazi na dereva aliyeambiwa asiharakishe, eka hiyohiyo ingechukua saa mbili, na mama angelipa 100,000.

Na pawatila nazo zisijifiche. Tangu zilipomwagwa kwenye halmashauri zetu wakati wa Kilimo Kwanza, mwaka 2009 na kuendelea, watu wamekuwa wakizitoza kwa kuiga bei ya trekta. Hesabu yake ni tofauti kabisa. Inakunywa dizeli kidogo, lakini upana wake wa kazi ni kama sentimita 60, na anayeiendesha anatembea nyuma yake karibu kilomita 7 ili amalize eka moja. Hapo gharama kubwa ni mguu wa mtu, na ujira wake ndio upangwe kwanza. Kwenye majaruba ya mpunga kule Kamsamba inafaa sana. Kwenye udongo wetu mwekundu uliokauka visu vinakwisha na kijana anakwisha, kwa hiyo anayekuletea pawatila kabla ya mvua kulowanisha ardhi mrudishe.

Wanaodhani naonea wenye matrekta wakumbuke Kongwa. Serikali ya Uingereza ilianza mradi wa karanga pale mwaka 1947 ikiwa na fedha za dola nzima, na matrekta yakavunjika kwa wingi kwenye ardhi ngumu na visiki kuliko mafundi walivyoweza kuyatengeneza. Mwaka 1951 mradi ukafutwa. Asiyetenga fedha ya ubovu tangu eka ya kwanza anamaliza mtaji, awe dola au awe bwana mmoja wa Vwawa. Ndiyo maana yule anayekutangazia 40,000 kwa eka, dizeli akiweka mwenyewe, simshangilii. Ameiacha ile 10,000 nje ya hesabu, na siku ya kuvunjika ataitafuta mfukoni mwako.

Mkulima mwenzangu, msimu ndio huu. Pima shamba kwa futi mbele ya dereva, zidisha urefu kwa upana, gawanya kwa 4,047, mkubaliane eka kabla plau haijashuka. Tikisa kila diski. Ikicheza, mwambie arudi nayo. Kubalianeni kina cha shubiri, na kipime kwa kijiti mwanzoni, si mwishoni. Dizeli ukiweka wewe, itoke kwenye bei: 60,000 inabaki 36,000. Lipa nusu eka ya kwanza ikiisha, nusu iliyobaki shamba likiisha. Na mwenye trekta akikuomba uchangie beringi, mwambie umeshaichangia.