«Sans» pahali pa «sana»: kosa la simu halimtaji mwandishi

Tuseme ujumbe usio na jina unazunguka katika vikundi vya WhatsApp vya kartie moja ya Goma: «Wezi wamezidi sans hapa kwetu. Pôle kwa jirani. Chefu anajua, Mali yote iko kwake.» Kesho yake vijana wanamtafuta mkaaji mmoja, kwa sababu naye huandika «sans» anapotaka kusema «sana». Je, hiyo ni alama ya kutosha?

Alama ipo, lakini ni ndogo. Makosa yote matatu ni maneno yaliyoandikwa sawasawa katika Kifaransa: «sans», «pôle» yenye kofia, na «Mali» yenye herufi kubwa, kama jina la nchi. Mtu anayeteleza kidole kwa kawaida huacha neno lisilo na maana katika lugha yoyote. Hapa inaonekana kamusi ya Kifaransa iliyo ndani ya klavie ilikutana na Kiswahili, ikakisahihisha bila kuulizwa.

Wanaoandika kwa kuburuza kidole juu ya kioo bila kukiinua huacha kosa la aina nyingine. Kwenye klavie ya Kifaransa, P, O, U na R ziko kwenye mstari mmoja. Kidole kinachotoka P kwenda R hupita juu ya O na U, basi «pour» na «pur» zina njia ile ile, na simu inabahatisha. Lakini hata anayebonyeza herufi moja moja anaweza kuruka O. «Pur» moja haithibitishi kitu. Zikiwa nyingi katika ujumbe mrefu, na karibu kila kosa ni neno kamili, hapo dhana ya kuburuza inapata nguvu kidogo.

Nguvu hiyo haifiki mbali. Kompyuta nazo zina programu zinazosahihisha maneno zenyewe. Na kwenye klavie ya kompyuta ya Kifaransa, kitufe cha kofia kiko pembeni ya P, kwa hiyo «pôle» yaweza kuwa ajali ya kidole. Tena, ujumbe ukinakiliwa na kubandikwa, makosa ya mwandishi wa kwanza yanasafiri nao, lakini alama ya kwamba umetumwa tena haionekani. Anayeonekana kuwa ameandika huenda alibandika tu. Na anayetaka kumponza jirani anaweza kuandika «sans» kusudi.

La mwisho ndilo zito kuliko yote, ingawa mara nyingi linasahauliwa: hata ikijulikana kwa hakika kwamba ujumbe uliandikwa kwenye simu yenye Kifaransa, simu za namna hiyo ziko ngapi katika kartie hiyo? Huenda nyumba nyingi zinazo, na mara nyingi simu moja inashikwa na baba, mama na watoto. Kijana anayetafutwa ni mmoja kati ya wote hao.