Hisa za Mzee Hazikupotea, Zimefungiwa

Makomredi, serikali hii ikitaka kodi yako inakupata hata ukiwa shambani Trans Nzoia. Inajua kitambulisho chako, inajua laini yako ya simu. Lakini pesa zikiwa zako na ni wao wanaopaswa kuzirudisha, ghafla hawakujui. Leta cheti, leta abstrakti ya polisi, leta mdhamini!

Nimekuwa nikimsaidia shangazi yangu kufuatilia hisa za marehemu mumewe. Hisa 600 za kampuni moja ya zamani, alizonunua enzi za vyeti vya karatasi. Cheti hakionekani. Hundi za mgao wa faida zilikuwa zinatumwa kwa sanduku la posta ambalo mzee aliacha kulilipia kitambo.

Mlango wa kwanza ni msajili wa hisa, yaani ofisi inayoitunzia kampuni daftari la wenye hisa. Unaandika barua yenye jina, nambari ya kitambulisho na lile sanduku la posta la zamani, kwa sababu mara nyingi hilo ndilo linalomtambulisha mtu. Sisi walijibu kwamba mzee yumo, lakini daftari lina majina mawili na kitambulisho kina matatu. Kwa hilo tu tukaenda kula kiapo mbele ya wakili kwamba ni mtu mmoja. Na kwa kuwa mwenyewe amefariki, lazima mahakama itoe hati ya usimamizi wa mirathi, halafu hati hiyo ithibitishwe, jambo ambalo kwa kawaida husubiri miezi sita.

Sasa hapa ndipo mambo yanapokasirisha. Cheti kikipotea unapewa fomu ya kinga. Isome kabla ya kutia sahihi, tafadhali. Unaahidi kwamba siku yoyote mtu akitokea na kile cheti na kampuni ikapata hasara, utailipa wewe. Ile tuliyopewa haikuwa na kikomo cha pesa wala cha miaka, na ilitaka benki au kampuni ya bima iweke muhuri kama mdhamini. Benki haidhamini mtu bure, na mjane asiye na akaunti yenye uzito hata hasikilizwi.

Watasema matapeli wapo. Kweli wapo, na wengine hupewa taarifa za akaunti zilizolala na watu wa ndani. Lakini tunachofundishwa darasani ni kwamba cheti cha hisa ni ushahidi tu wa umiliki. Anayetambuliwa na kampuni kama mwanachama ni yule aliyeandikwa kwenye daftari, na daftari liko kwao! Karatasi ikiliwa na mchwa Bungoma, hisa haijaliwa. Kwa nini basi hatari yote abebe shangazi?

Piga hesabu ya kwetu. Hisa 600 kwa shilingi 20 ni shilingi 12,000, na mgao uliolimbikizwa ni kama 6,000. Jumla 18,000. Nauli ya kwenda na kurudi Nairobi mara mbili ilikula 6,000, viapo na nakala zilizothibitishwa 2,500. Wakili wa mirathi alitaja 25,000. Nani mwenye akili zake ataendelea?

Wengi huacha, na hapo sheria ya mali za kifedha zisizodaiwa ya mwaka 2011 inaingia. Mgao ukikaa miaka mitatu bila kudaiwa, kampuni inaupeleka kwa mamlaka ya serikali, UFAA. Kwa hivyo shangazi ana milango miwili: msajili kwa mgao wa karibuni, UFAA kwa ule wa zamani, kila mmoja na fomu zake. Wakati huo UFAA inawekeza pesa hizo kwenye hati za dhamana za serikali. Yaani serikali inakopa pesa za mjane huku ikimwambia alete karatasi nyingine.

Tunachotaka bungeni si miujiza. Madai madogo, tuseme chini ya shilingi 50,000, yalipwe kwa kitambulisho, cheti cha kifo, barua ya chifu na kiapo, bila mdhamini wa benki. Fomu ya kinga iwe na kikomo: thamani ya hisa zenyewe na si zaidi, kwa miaka sita. Na UFAA ilinganishe orodha yake na daftari la vitambulisho, kisha imtafute mwenye pesa kwa simu badala ya kungoja atafutwe.

Kabla hilo halijapita, bonyeza *361# utafute kwa kitambulisho cha mzazi wako. Akiwa hai, mwambie afungue akaunti ya CDS kwa dalali wa hisa, aingize vyeti vyake humo, na mgao uende moja kwa moja kwa benki au simu. Ukipata broka anayetaka asilimia 30 ili "akusukumie" faili, muulize anamsukumia nani, na utuletee jibu lake.