Maswali matano kwa wateja, badiliko moja kwenye biashara

Ni nadra mtu ale sambusa za mama anayemfahamu kisha amwambie usoni kwamba zimezidi chumvi. Atasema, "Mashallah, mikono yako isichoke." Wiki inayofuata hataagiza, na nyingine pia hataagiza. Sisi tunaofanyia biashara ndogo ndani ya jamii yetu huku ughaibuni tunapata sifa nyingi na habari chache. Ndiyo maana safu ya leo inahusu dodoso fupi: namna ya kuliandika ili mteja aseme kilichomzuia bila kuona aibu, na namna ya kutoa ndani ya majibu hayo jambo moja la kurekebisha.

Tuchukue mfano. Hesabu zake nimezitunga, ila wengi wenu mtaitambua hali yenyewe. Mama mmoja anaishi Leicester, Uingereza, na anapika sambusa, kachori na mahamri kwa oda. Kila Jumatatu anatuma tangazo kwa WhatsApp, oda zinafungwa Alhamisi usiku, na wateja wanakuja kuchukua nyumbani kwake Jumamosi kati ya saa 5 asubuhi na saa 7 mchana. Daftari lake lina wateja 46 walioagiza angalau mara moja ndani ya mwaka huu. Zamani alikuwa akipata oda 25 kwa wiki, sasa zimeshuka hadi 18. Yeye anaamini tatizo ni bei, na anataka kushusha dazeni ya sambusa kutoka pauni 12 hadi 10. Kwa kuwa anauza dazeni 30 kwa wiki, uamuzi huo utamkata pauni 60 kila wiki kabla hajapata hata mteja mmoja mpya. Binti yake, mwanafunzi wa chuo, anamwambia, "Mama, subiri kwanza tuwaulize."

Anza na unachoweza kubadilisha

Kabla ya kuandika swali lolote, mama na binti wanaandika kwenye karatasi mambo ambayo wako tayari kuyabadilisha. Yanatoka manne: bei, siku na saa ya kuchukua, ukubwa wa pakiti, na ladha. Kupeleka chakula majumbani hakumo, kwa sababu mama hana gari. Basi wasiulize kama watu wangependa kupelekewa. Kila mtu atajibu ndiyo, na kuanzia siku hiyo watakuwa wanasubiri huduma ambayo haitakuja.

Kisha wanaandika maswali matano, si zaidi:

1. Mara ya mwisho uliagiza lini? (Ndani ya miezi 2 iliyopita / Zaidi ya miezi 2 iliyopita)
2. Siku hiyo, kuna kitu ambacho hakikukaa sawa? (Chakula kilikuwa kimepoa / Chumvi au pilipili / Oda ilikosewa / Nilisubiri sana mlangoni / Hakuna)
3. Fikiria wiki ambayo uliona tangazo, ukawaza kuagiza, lakini hukuagiza. Ni nini hasa kilikuzuia? Chagua kimoja. (Bei / Siku au saa ya kuchukua / Pakiti ni kubwa kwetu / Ladha / Nilisahau mpaka oda zikafungwa / Haijanitokea / Jingine)
4. Wiki hiyo mlikula nini badala yake, na mlikipata wapi?
5. Kama tungebadilisha kitu kimoja tu, ungependa kiwe kipi?

Angalia kwamba hakuna swali linalomtaka mteja atoe hukumu juu ya mpishi. Yanauliza kilichotokea. Mtu anayeona haya kusema "chakula chako si kizuri" hataona haya kusema "wiki ile nilisahau" au "Jumamosi niko kazini". Pia hakuna swali la "kama bei ikishuka utanunua zaidi?" Swali la namna hiyo halina gharama kwa anayejibu, kwa hiyo atasema ndiyo, na ndiyo yake haikuhakikishii kitu. Badala yake swali la 4 linapima bei kwa mlango wa nyuma. Aliyezuiwa na bei mara nyingi atakuwa amenunua cha bei nafuu mahali pengine.

Vilevile epuka kuunganisha mambo mawili, kama "Je, bei na huduma zetu zinakuridhisha?" Anayependa huduma lakini anaona bei ni kubwa hana pa kujibu. Na zile alama za 1 hadi 5, hata wastani ukiwa 4, hazikuambii Jumatatu uamke ufanye nini.

Nani aulize, na vipi

Kabla ya kulituma, binti analijaribisha kwa watu watatu, mmoja wao akiwa mtu mzima asiyezoea simu sana. Anamwomba asome kwa sauti huku akijibu. Pale anaporudia sentensi mara mbili, sentensi hiyo ina kasoro. Ikiwa dodoso lote linazidi dakika tatu, kuna swali la kuondoa.

Wanatumia Google Forms. Jina haliulizwi, na kwenye mipangilio, sehemu ya Collect email addresses inabaki Do not collect. Kiungo kinatumwa kwa kila mteja peke yake, si kwenye kundi, maana kwenye kundi mmoja akiandika "kila kitu kizuri" wengine wote watafuata. Ujumbe ni mfupi:

"Assalamu alaykum dada. Mama anataka kurekebisha jambo moja kwenye oda zetu na anaomba msaada wako. Ni maswali matano, dakika mbili. Hatutajua nani kajibu nini, kwa hiyo tuambie ukweli. Tunafunga Jumapili. Ahsante."

Kwa wazee, binti anapiga simu, anawaamkia, anawasomea maswali na kuandika majibu bila jina. Mama mwenyewe hapigi. Hakuna atakayemwambia mpishi kwamba pilipili ilizidi. Baada ya siku tatu wanakumbusha mara moja tu, na baada ya wiki wanafunga.

Tenganisha wanaonunua na walioacha

Watu 31 kati ya 46 wanajibu. Kosa la kawaida hapa ni kujumlisha yote pamoja. Kwenye swali la 3, jumla inaonyesha siku na saa 10, bei 7, kusahau 5, pakiti 2, ladha 1, na 6 haijawatokea. Ukiishia hapo, unaweza kusema bei nayo ni tatizo kubwa.

Sasa tumia swali la 1. Gawa majibu mafungu mawili: wateja 19 walioagiza ndani ya miezi miwili, na 12 ambao hawajaagiza zaidi ya miezi miwili. Kati ya wale 12, saba walizuiwa na siku au saa ya kuchukua, na wawili tu walizuiwa na bei. Waliobaki ni mmoja mmoja: pakiti, ladha na kusahau. Maana yake, kati ya saba waliotaja bei, watano ni watu ambao bado wananunua. Kushusha bei kungekuwa kuwapunguzia hasa wale ambao tayari wapo, na kuwaacha walioondoka huko huko waliko.

Majibu ya maandishi yanathibitisha. Wale saba wa siku na saa, kwenye swali la 4, hawakununua kwingine. Wameandika "tulikaa bila" au "nilipika mahamri mwenyewe". Wale wawili wa bei ndio waliotaja sambusa za kugandishwa za dukani. Na kwenye swali la 5 wanne wameandika jambo moja kwa maneno tofauti: Jumamosi wako shifti au wanapeleka watoto madrasa, lakini Ijumaa jioni wangepita wakitoka kazini.

Kwa idadi ndogo hivi, usizungumze kwa asilimia. Kati ya watu 12, mtu mmoja ni zaidi ya nane kwa mia. Saba kwa wawili ni tofauti ya kutosha kuchukulia hatua. Ingekuwa watatu kwa wawili, ingebidi kupiga simu chache zaidi kwanza. Kumbuka pia 15 hawakujibu kabisa. Kati yao wamo waliokwisha kukusahau, na dodoso hili haliwezi kuwasemea.

Badilisha kimoja, kisha pima

Uamuzi ni huu: kuanzia Ijumaa ijayo kutakuwa na nafasi ya pili ya kuchukua, saa 12 jioni hadi saa 2 usiku, na oda za Ijumaa zitafungwa Jumatano usiku. Bei, pakiti na vyakula vinabaki vilevile kwa wiki nne. Wakishusha bei wiki hiyohiyo, oda zikipanda hawatajua nini kimezipandisha.

Kabla ya kuanza wanaandika kipimo, ili matumaini yasije yakawasomea matokeo. Daftari linaonyesha wateja 20 kati ya 46 hawajaagiza zaidi ya miezi miwili. Nafasi ya Ijumaa itabaki ikiwa, ndani ya wiki nne, angalau watano kati ya hao 20 watarudi, na wastani wa oda utafika 21 kwa wiki.

Vipimo viwili vinahitajika kwa sababu kimoja kinaweza kudanganya. Tuseme Ijumaa inapata oda 10 lakini jumla ya wiki bado ni 18. Hapo wateja wa Jumamosi wamehamia Ijumaa tu, na mama anakaanga siku mbili kwa mapato ya siku moja. Majina yaliyo kwenye daftari ndiyo yatakayoonyesha kama waliokuja ni waliorudi au waliohama. Ikiwa ni waliohama, afunge Ijumaa bila kinyongo, ajaribu jambo linalofuata.

Chagua pia wiki za kawaida. Ukianza jaribio hili Ramadhani, sambusa zitapanda zenyewe, na baada ya Idi zitashuka, na hakuna kati ya hayo kilicholetwa na saa ya kuchukua.

Tangazo la Jumatatu liwape wateja majibu yao: "Mlituambia Jumamosi mchana inawabana. Kuanzia wiki hii mnaweza kuchukua Ijumaa jioni." Mteja aliyeona neno lake limefanyiwa kazi atajibu dodoso lijalo. Na hilo lijalo, baada ya miezi sita hivi, linaweza kuwa la wale watano wanaonunua huku wakilalamikia bei.